SOMO: Trapu ya beseni la kunawia, na kwa nini harufu inarudi hata ukiwa nayo

Wiki hii watu wanne wameniandikia pembeni swali lilelile: "Fundi, bafu linanuka chemba, nimemwaga dawa zote, shida nini?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrushia uzi huu.

Trapu, lile bomba lililopinda chini ya beseni, haikupindwa ili kuokoa nafasi. Kila ukinawa, maji kidogo hubaki kwenye mpindo, na hayo ndiyo mlango. Upande mmoja una wewe, upande wa pili una hewa ya chemba na shimo, yenye ile gesi ya mayai viza. Gesi haina nguvu ya kusukuma maji hayo, kwa hiyo inatafuta njia nyingine, ambayo inatakiwa iwe bomba la hewa linalotokeza juu ya paa. Mpindo huu ni wa zamani: fundi saa Alexander Cumming aliuandikisha London mwaka 1775, kwa ajili ya choo.

Trapu nzuri ya beseni ina kina cha kuziba cha milimita 75. Kina hicho hupimwa toka usawa ambapo maji humwagikia kwenda nje, kushuka hadi dari ya mpindo. Maji yakishuka chini ya dari hiyo, mlango uko wazi, hata kama bado kuna maji chini yake. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika: wanafungua, wanaona maji, wanasema trapu ni nzima.

Sasa kazi.

1. Tafuta njiti ya ufagio wa chelewa, ndefu na iliyonyooka.

2. Mimina kikombe cha maji polepole kwenye beseni, subiri yatulie.

3. Ingiza njiti kupitia tundu la beseni hadi igote, itoe, pima sehemu iliyolowa. Kwa trapu ya inchi moja na robo utapata sentimita 10 hivi, yaani kina cha kuziba pamoja na unene wa bomba.

4. Ziba tundu, jaza beseni, achia maji yote kwa mkupuo. Usiongeze hata tone. Pima tena.

5. Kama umebaki na sentimita 3 au pungufu, trapu imenyonywa. Kama ni ileile 10, subiri siku moja bila kutumia beseni, pima tena. Ikishuka, inavuja, au kuna unywele au uzi wa dekio umening'inia ukingoni kwenda upande wa chemba. Uzi hunyonya maji kama utambi wa kibatari, tone kwa tone.

6. Kama imenyonywa, badilisha njia ya bomba.

Hapo kwenye namba 6 nilichemka mara mbili, tena nyumbani kwangu.

Mara ya kwanza nilinunua lile bomba la mikunjo linalopindika, nikalipinda kwa mkono na kulifunga kwa waya. Baada ya wiki mbili lilikuwa limenyooka. Nikaweka trapu halisi ya umbo la S, inayotoka na kushuka wima sentimita 80 kupita sakafuni hadi chemba. Kila jioni, baada ya watoto kunawa, harufu. Njiti ilinipa 10 kabla na 2.5 baada ya kuachia beseni. Na dalili ilikuwepo masikioni siku zote: maji yakiisha, bomba linakoroma "kroo-kroo".

Sababu ni hii. Beseni likiachia maji mengi, yanajaa bomba zima na kushuka kama pistoni ya pampu. Nyuma yake hewa inapungua, na hewa ya bafuni inasukuma maji ya trapu yafuate. Sinki la jikoni hupona mara nyingi, maana sakafu yake ni bapa na machozi ya mwisho huchelewa kushuka, yanaijaza trapu upya. Beseni la mviringo halina machozi hayo.

Nilichofanya: niling'oa S, nikaweka trapu ya umbo la P, ambayo mdomo wake unatoka kwa ulalo. Nikatoboa ukuta, nikapitisha bomba la inchi moja na nusu kwa nusu mita, mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, likaingia kwenye bomba wima la inchi mbili nje. Hilo linashuka chemba, na juu linapita paa likiwa wazi. Sasa maji yakishuka, hewa inaingia kutoka juu, haitafutwi kwenye trapu. Njiti: 9.5.

ONYO: usizidishe mteremko ukidhani unasaidia. Ukiinamisha sana umejitengenezea S nyingine. Na usizibe bomba la paani kwa kuogopa mvua; weka wavu wa kuzuia ndege tu.

MASWALI

Mpangaji wa Kona: Mkuu mimi trapu inaziba kila mara. Nikiitoa nikaunga bomba moja kwa moja si sawa tu?

Mwandishi: Soma aya ya pili.

Mpangaji wa Kona: Nimesoma, nauliza tu kama kwa muda inafaa.

Mwandishi: Haifai. Inaziba kwa nywele na mafuta. Fungua, safisha, rudisha.

Bibi Harusi: Shikamoo fundi. Chumba cha wageni hakuna anayetumia, lakini kinanuka. Hakuna kukoroma kokote.

Mwandishi: Marahaba. Maji ya trapu yamekauka, hasa kwenye tundu la sakafuni ambalo trapu yake ni fupi. Mimina lita moja ya maji, halafu kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake. Mafuta huelea na kuzuia maji yasikauke haraka.

Msumeno: Somo lina kasoro. Yangu ina maji sentimita 10 na bado inanuka. Umepotosha watu.

Mwandishi: Sijasema kila harufu inatoka chemba. Ziba tundu la beseni kwa kitambaa usiku kucha, kisha nusa kile kitobo cha juu cha kuzuia kufurika. Uteleze wa sabuni na uchafu huoza humo, juu ya trapu kabisa. Sugua kwa brashi ya chupa.

Fundi Mwanagenzi: Kaka, choo cha kuflashi nacho kinanyonywa, tena kwa makusudi. Mbona hakibaki wazi?

Mwandishi: Hilo ndilo swali! Ni kweli, vyoo vingi huvuta uchafu kwa kunyonya. Lakini tangi likiwa linajaa, kuna kimpira chembamba kinachomimina maji kidogo kwenye bomba la kufurikia, yanateremka bakulini na kurudisha kina. Kimpira hicho kikichomoka na kuangukia ndani ya tangi, choo kitaflashi vizuri ila maji ya bakulini yatabaki machache na harufu itaanza. Beseni halina tangi la kulijazia, ndiyo maana linahitaji hewa.

Fundi Mwanagenzi: Na kama nje kuna gali trapu, ile trapu ya shimoni nje ya nyumba, ya ndani ya nini?

Mwandishi: Bomba lililo kati ya beseni na hiyo ya nje lina uteleze na mende. Weka ya ndani.

Mama Wawili: Hereni yangu imezama leo. Nifungue?

Mwandishi: Fungua, usiwashe bomba kwanza. Weka ndoo chini, zungusha kikombe cha trapu kwa mkono, angalia washa ya mpira isipotee. Na ukimaliza, maji ya ndoo kamwage nje. Mimi niliwahi kuyamwaga kwenye beseni lilelile, trapu ikiwa mkononi.