Wa majuu, dikloo si kukata kucha, ni kukata vidole vya paka

Kuna baba mmoja alirudi kutoka Texas na familia yake, wakapanga nyumba Ruaka, na pamoja na masanduku yote wakaja na paka, dume la rangi ya chungwa, jina Biskuti. Mimi ni msaidizi kwenye kliniki ya wanyama hapa Nairobi, kazi yangu ni kushika wagonjwa wasimng'ate daktari, kupiga eksirei, na kusikiliza. Baba akasema shida ni moja tu, paka anakojoa kitandani, si kila siku lakini ni kitandani, na mama watoto ameshasema achague mmoja. "Nafikiri ana hasira vile tulimhamisha," akasema.

Daktari alianza na mkojo, manake dume akikojoa ovyo unaangalia kibofu kwanza, ukatoka safi. Mimi nikashika mguu wa mbele nikabonyeza kidole, vile huwa tunafanya ili ukucha utokeze, hakuna kitu. Cha pili, hakuna. Ncha za vidole zilikuwa fupi na zimekunjika kwa ndani, na kabla sijafika cha sita Biskuti alikuwa ameshanipa meno. Nikauliza, kwani baba, huyu alikatwa vidole? Akacheka. "Hapana bwana, ni kucha tu zilitolewa, siku ile ile ya kuhasiwa, walituambia ni kitu kidogo."

Sasa hapo kwa "kucha tu" ndipo watu wetu wengi huko nje wanaingizwa box, na si ujinga, ni jina lenyewe linadanganya. Ukisikia kutoa kucha unafikiria kile unafanya Jumapili jioni na kikata kucha. Ebu angalia kidole chako cha shahada. Kina pingili tatu, na ukucha wako umelala juu ya ile ya mwisho, uking'oka leo unaota tena taratibu juu ya nyama. Wa paka haujalala juu ya kitu. Pingili yake ya mwisho ina umbo la ndoano na ukucha umeufunika huo mfupa kama ala inavyofunika kisu, na sehemu inayootesha ukucha iko pale kwenye shina la mfupa. So hakuna njia ya kuzuia ukucha usirudi na ukaacha mfupa. Dikloo ni kukata pingili nzima ya mwisho, na kwako ingekuwa ni kukatwa kila kidole pale kwenye kiungo cha juu, kile karibu na ukucha, yaani unabaki na vigutu.

Na ni kazi ya opareshoni kamili. Paka analazwa kwa nusukaputi, mguu unafungwa mpira wa kubana damu, halafu kidole kwa kidole daktari anakata kano ya juu, ligamenti za pembeni, kisha ile kano ya chini inayokunja kidole, pingili inaachia, ngozi inafungwa kwa uzi ama gundi, bandeji juu. Mara 10 kwa miguu ya mbele. Wakifanya ya nyuma pia inafika 18, kwa sababu nyuma ana vidole vinne vinne. Utaambiwa siku hizi kuna leza, ndio ipo, na damu inatoka kidogo, lakini mfupa unaotoka ni ule ule.

Kuna njia ya haraka zaidi, ya kutumia kikatio kama kile cha kucha za mbwa, kinabana na kukata kwenye mfupa wenyewe badala ya kufuata kiungo. Hapo ndipo kipande cha chini cha pingili hubaki ndani. Na hicho ndicho tulichokiona kwa Biskuti.

Tulimpa dawa ya usingizi kidogo tukapiga picha miguu yote miwili. Kwa paka mzima, kila kidole kwenye eksirei kinaishia na ndoano safi. Yake vilikuwa vinaishia butu, na kwa vidole vinne, viwili kila upande, kulikuwa na kichembe cheupe kama punje ya mchele kimekaa pale chini ya pingili ya pili, kwenye njia ya kukanyagia. Daktari akamgeuzia baba skrini akamwambia, "Mzee, fikiria una kokoto ndani ya kiatu na kiatu hakivuliwi." Baba hakujibu, alikuwa anahesabu na kidole kwenye skrini.

Na si bahati mbaya ya paka mmoja. Kuna utafiti wa Marekani ulichapishwa kwenye jarida la madaktari wa paka, walilinganisha paka 137 waliofanyiwa dikloo na 137 wenye kucha, na asilimia 63 ya waliokatwa walikutwa na vipande vya mfupa vimebaki. Waliokatwa ndio walikuwa wanakojoa ovyo zaidi, wanang'ata zaidi, wanajilamba manyoya mpaka yanaisha, na wana maumivu ya mgongo zaidi. Mgongo umeingiaje? Paka anatembea kwa vidole, si kwa wayo kama sisi. Ukimtoa ncha za vidole, ile kano ya kukunja haina tena pa kushikilia, inarudi nyuma, vidole vinajikunja, na yeye ili asikanyage ncha zinazouma anasukuma uzito nyuma kwenye kisigino cha mkono na miguu ya nyuma. Fanya hivyo miaka sita mgongo utauma tu. Tena paka hujinyoosha kwa kuchomeka kucha kwenye kitu na kuvuta mwili wote, na huyu hana cha kuchomeka.

Kukojoa kitandani nako hakuna hasira yoyote pale. Paka akienda haja lazima achimbe. Trei ya Biskuti ilikuwa na mchanga wa punje kubwa ngumu, wa kununua supamaketi. Anachimba, inauma, na kichwa cha paka hakisemi "vidole vyangu vinauma", kinasema "hii trei inauma", basi anatafuta mahali laini pa kuchimba, na nyumbani kwako laini ni godoro, kapeti na nguo chafu. Ukimpiga unaongeza hofu tu. Na meno ni hivyo hivyo, paka mwenye kucha hukuonya kwa kukukwaruza kwanza, asiye nazo onyo lake la kwanza ni kung'ata, na kidonda cha meno ya paka ni kirefu, kinaoza haraka kuliko mkwaruzo. Kwa hiyo yule anayesema anatoa kucha sababu ana mtoto mdogo nyumbani amebadilisha kibaya kwa kibaya zaidi.

Biskuti alirudishwa mezani, vile vipande vinne vikatolewa, akapewa dawa ya maumivu ya paka kwa kipimo cha daktari. Hapa niseme kwa sauti, msimpe paka panadoli, hata robo, inaua paka, na tumeletewa zaidi ya mmoja hivyo. Trei ikabadilishwa ikawa na mchanga laini kabisa, na wiki za kwanza vidonda vikipona ilikuwa karatasi iliyochanwachanwa ili punje zisiingie kwenye mshono. Ndani ya miezi miwili kitanda kilikuwa kikavu. Lakini bado anasimama kwa nyuma hivi kama mtu amevaa viatu vinambana, bado anang'ata ukimshtua, na kuruka kutoka juu ya kabati hataki. Mfupa hauoti tena.

Sasa nyinyi mnaofikiria. Ukiwa Uingereza hii si mjadala, hairuhusiwi, nchi nyingi za Ulaya pia, Australia pia, na majimbo mengi ya Kanada yameshaipiga marufuku. Shida kubwa iko Marekani, ambako jimbo la New York ndilo lilikuwa la kwanza kuipiga marufuku mwaka 2019, Maryland ikafuata 2022, lakini sehemu kubwa bado ni halali na bado inauzwa pamoja na kuhasi kama vile unauziwa chipsi na soda. Soma fomu kabla hujasaini, uliza moja kwa moja, "mnakata mfupa?" Wakisema ni kama manikyua, chukua paka wako uende. Kuna na landilodi wanaotaka paka bila kucha ndio wakupe nyumba. California sheria inawakataza tangu 2013, kwingine jaribu kujadili deposti ya ziada na umwonyeshe picha ya nguzo ya kukwaruzia uliyonunua.

Manake kinachokusumbua kwa kweli ni kochi. Na kochi linaokolewa na vitu viwili. Kwanza, kukata ncha ya ukucha kila wiki mbili tatu: paka akiwa amesinzia, bonyeza kidole juu na chini kwa upole, ukucha utokeze, utaona sehemu ya waridi ndani, hiyo ina damu na neva, wewe kata ile ncha nyeupe peke yake, mbali kidogo na waridi. Leo vidole viwili, kesho vitatu, hakuna mtu anakukimbiza. Pili, nguzo ya mkonge, na watu wanakosea urefu. Wananunua kile kigingi cha magoti, paka anakiangalia anarudi kwa kochi. Anataka kitu anachoweza kujinyoosha wima mpaka mwisho, sentimita 80 au 90, na kizito kisichoyumba, kikiyumba mara moja hakirudii. Hapa kwetu unanunua kamba ya katani Gikomba, fundi anaizungushia kwenye mbao na kuipigilia kwenye ubao mpana, ila huko mliko kamba ya mkonge iko, na kuna uwezekano imetoka huku huku. Iweke ubavuni mwa kochi, pale pale anapokwaruza, si kwenye kona ya chumba cha wageni.

Na kama ulichukua paka kwenye makao ya wanyama akiwa tayari amekatwa, usimtoe nje, hata ukirudi nyumbani. Kompaundi zetu zina mbwa na mapaka ya mtaani, na huyu kupanda mti kukwepa ni shida. Mchunguze: anainua mguu na kuutikisa akitembea sakafuni, anatafuna vidole vyake, anazunguka trei bila kuingia, anavuta mguu ukimgusa miguu ya mbele. Ukiona hata kimoja, piga eksirei ya vidole huko huko kabla hujamkatia tiketi, na vipande vikionekana vitolewe apone kabisa ndio asafiri, kisha zile picha uziweke kwa faili moja na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Baba Biskuti angekuja nazo, tusingemlaza paka usingizi mara mbili.