Jinsi ya kugeuza orodha ya mali iliyoskaniwa kuwa jedwali la Excel bila kuharibu tarakimu

Mfano wetu ni orodha ya stoo ya shule yenye safu sita, A hadi F: Namba, Kundi, Jina la kifaa, Idadi, Bei ya kimoja na Thamani. Karatasi imeskaniwa na kuhifadhiwa kama PDF. Jaribu kuchagua neno moja kwa mausi. Likikataa kushikika, ukurasa huo ni picha tupu, na lazima kwanza usomwe na programu ya kutambua maandishi.

1. Soma maandishi. Skani iwe ya dpi 300; chini ya hapo, 3 na 8 huanza kufanana. Programu ya bure ya OCRmyPDF hunyoosha ukurasa uliopinda kabla ya kuusoma. Iwekee lugha ya Kiswahili, kisha andika kwenye dirisha la amri:

```
ocrmypdf -l swa+eng --deskew --rotate-pages orodha.pdf orodha2.pdf
```

2. Toa jedwali. Fungua orodha2.pdf kwenye Tabula, programu ya bure ya kutoa majedwali kwenye PDF, zungushia jedwali, chagua Stream, si Lattice. Lattice hutafuta mistari iliyochorwa ndani ya faili, na kwenye skani mistari hiyo ni sehemu ya picha. Hifadhi kama CSV.

3. Ingiza Excel. Usibofye faili mara mbili. Excel itaifungua na kuamua yenyewe: msimbo 00417 utakuwa 417, na 12,500 iliyosomwa kimakosa kama 12.500 itakuwa 12.5, na huenda usipate onyo lolote. Pitia Data, From Text/CSV, na kwenye Data Type Detection chagua Do not detect data types. Kila kitu kitaingia kama kilivyosomwa. Vichwa vya safu vikitua mstari wa 2, ufute mstari huo ili kifaa cha kwanza kianzie hapo.

4. Rudisha makundi mahali pake. CSV haibebi seli zilizounganishwa. Neno “Samani” lililotanda mistari mitano litatokea kwenye mstari mmoja tu, na kwa kuwa mwandishi aliliweka katikati ya seli, litatua kwenye mstari wa tatu. Hapa ndipo wengi huharibu kazi: wakijaza kwenda chini moja kwa moja, mistari miwili ya juu hubaki bila kundi, na sufuria la kwanza la kundi linalofuata huhesabiwa kuwa samani. Kwa hiyo fungua skani pembeni, hamishia kila jina la kundi kwenye mstari wake wa kwanza, ndipo uandike kwenye H2 na kuiburuta chini:

```
=IF(B2<>"",B2,H1)
```

Mstari wenye jina tu, bila idadi wala bei, mara nyingi ni mwendelezo wa jina refu la juu yake. Uunganishe na huo wa juu na ufute uliobaki kabla ya kuandika fomula hiyo; ukifuta baadaye, fomula itatoa #REF!.

5. Geuza maandishi kuwa namba. Kwa bei, andika kwenye J2:

```
=VALUE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(E2,",",""),".",""),"/=",""))
```

Fanya vivyo hivyo kwa Idadi (safu I) na Thamani (safu K). Fomula hii ni ya orodha isiyo na senti; 12,500.00 ingegeuka 1,250,000. Seli itakayoonyesha #VALUE! ni tupu au ina herufi ndani yake, kwa kawaida O badala ya 0, l badala ya 1, au S badala ya 5. Makosa hayo ni mepesi kwa sababu yanajitangaza. Angalia pia alama za “kama hapo juu”, ambazo husomwa kuwa 11.

6. Wasake waongo waliojificha. Tarakimu iliyosomwa kuwa tarakimu nyingine haitoi onyo lolote. Inayoikamata ni hesabu ya mstari wenyewe, kwenye L2:

```
=I2*J2-K2
```

Jibu lisipokuwa sifuri, ligawanye. Tuseme viti vimesomwa 43, bei 12,500, thamani 600,000, na tofauti ni -62,500. Gawanya kwa bei: 5 kamili. Basi idadi imepungua vitano, na skani itaonyesha 48. Mstari mwingine: idadi 36, bei 6,500, thamani 306,000, tofauti -72,000. Kwa bei haigawanyiki sawasawa, lakini kwa idadi inatoa 2,000. Kilichokosewa ni bei, nayo ni 8,500. Ikigoma kote kuwili, anza kukagua thamani.

Hesabu inakuonyesha pa kutazama tu. Anayethibitisha ni skani. Ukikuta karatasi yenyewe ina 43 na 600,000, aliyekosea ni mtunza stoo aliyeiandika. Acha tarakimu zake zilivyo, ongeza safu ya Maoni, na uandike “Hesabu haikubaliani kwenye karatasi ya asili”. Mkaguzi atalinganisha faili yako na karatasi iliyosainiwa, na kosa ulilolirekebisha kimyakimya litaonekana kama umebadilisha kumbukumbu.

7. Funga kwa jumla. Jumlisha safu ya K kwa kila ukurasa na ulinganishe na jumla iliyoandikwa chini ya ukurasa huo. Tofauti inayolingana na thamani ya kifaa kimoja maana yake ni kwamba Tabula imeruka mstari, mara nyingi ule wa mwisho uliokaa nje ya eneo ulilozungushia. Zikishakubaliana, nakili data ya safu H na uibandike juu ya B kama Values, na ya I hadi K juu ya D hadi F vivyo hivyo, kisha ufute safu za msaada.