Somo: Damu siku tisa, au siku moja tu ikakata. Anza na daftari

Wapendwa, kila wiki napata ujumbe wa aina mbili: "Dada, naenda siku tisa, nina nini?" na "Dada, safari hii imetoka siku moja ikakata, nina nini?" Mimi ni muuguzi mkunga, na nikisikia idadi ya siku peke yake bado sijajua kitu. Wa siku tisa anaweza kupoteza damu kidogo kuliko wa siku nne. Kwa hiyo leo nawaonyesha ninavyowauliza wanaokaa mbele yangu, kwa mpangilio huo huo.

Hatua ya 1: Andika, usikisie.
Chukua daftari. Siku ya kwanza ya hedhi ni ile ambayo damu imekulazimu kuvaa pedi. Tone la kahawia la jana yake halihesabiwi, liandike pembeni tu. Kila siku andika pedi ngapi zimelowa kabisa (siyo ulizobadilisha kwa usafi), kama kuna mabonge, na kama umeamka usiku kubadilisha. Fanya hivyo miezi mitatu. Siku 2 mpaka 7 ni kawaida, na ya nane ikiwa ni madoa tu hainitishi. Hedhi ikianza leo, inayofuata huanza ndani ya siku 24 hadi 38.

Ila pedi ikilowa kila saa kwa saa mbili mfululizo, au ukasikia kizunguzungu ukisimama, weka daftari chini uende hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Pima mimba.
Najua mtaniambia "lakini damu imetoka!" Pima. Damu ndefu isiyoeleweka inaweza kuwa mimba inayoharibika, na damu ya siku moja inaweza kuwa mimba changa. Ninayoiogopa zaidi ni mimba iliyotunga nje ya kizazi: damu kidogo, mara nyingi ya kahawia, na maumivu ya tumbo chini, pengine upande mmoja. Kipimo kikisoma mistari miwili na una maumivu hayo, usisubiri kesho. Maumivu ya ncha ya bega au kuzimia ni dalili kwamba damu inavujia tumboni.

Hatua ya 3: Kumbuka dawa.
Sindano, vijiti, vidonge, P2, kitanzi. Sindano na vijiti huvuruga ratiba, hasa miezi ya mwanzo: wengine madoa wiki mbili, wengine siku moja, wengine hakuna kabisa. Kitanzi cha shaba chenyewe huongeza damu na siku.

Hatua ya 4: Ikizidi wiki, jiulize: inakuja kwa wakati wake?
Swali hili ndilo linalonisaidia kuliko yote. Hedhi ikichelewa siku 50 au 60, halafu ikaja na isikome, mara nyingi yai halikupevuka mwezi ule. Bila yai kupevuka, homoni ya projesteroni haitoki, ukuta wa ndani ya kizazi unazidi kunenepa, mwisho unamomonyoka vipande vipande. Hutokea kwa wasichana walioanza juzi, kwa wanaokaribia kukoma, kwa wenye tatizo la tezi la shingoni, na kwa wenye ovari zenye vifuko vingi, ambao huwa na chunusi na ndevu kidogo.

Ikija kwa tarehe zake lakini nyingi na ndefu, mimi huangalia kizazi chenyewe. Mfano ni dada mmoja wa miaka 38, aliyeniruhusu kusimulia. Daftari lake lilikuwa hivi: mzunguko siku 28, haukosei. Damu siku tisa. Siku nne za kwanza pedi sita zilizolowa kwa siku, mabonge makubwa kama zabibu, usiku anatandika kanga mbili chini yake. Mama yake na shangazi zake walikuwa hivyo, basi akaamini ni "damu ya ukoo". Kilichomleta hospitali hakikuwa hedhi. Alikuja kwa sababu alikuwa anatafuna udongo na barafu kutwa nzima, akipanda ngazi moyo unamdunda. Hamu hiyo ya udongo mara nyingi ni mwili kukosa madini chuma. Wingi wa damu ulikuwa 7.9; kwa mwanamke asiye mjamzito tunataka 12 kwenda juu.

Ultrasaundi ikaonyesha uvimbe wa sentimita 3 tu, lakini umechomoza ndani ya uwazi wa kizazi. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Uvimbe wa sentimita 8 uliokaa nje ya ukuta unaweza usitoe damu ya ziada, na huu mdogo wa ndani ukakumaliza. Ukipewa majibu, uliza umekaa wapi, usiulize ukubwa pekee. Yeye alipewa vidonge vya madini chuma na dawa ya kupunguza damu, traneksamiki, anayomeza siku za damu nyingi tu, halafu akapangiwa kutolewa uvimbe kwa kupitia njia ya uke. Vidonge vya chuma hakuvimeza na chai, maana chai huzuia chuma kuingia mwilini. Alimeza na chungwa.

Hatua ya 5: Ikiwa siku moja, jiulize: tangu lini?
Kama umekuwa hivyo tangu usichana na tarehe hazikosei, huo ni mwili wako. Kama imebadilika ghafla na kipimo cha mimba ni mstari mmoja, fikiria kunyonyesha, kukonda sana, msongo, tezi, au umri wa kukoma. Aliyesafishwa kizazi baada ya mimba kuharibika, kisha damu ikapungua ikawa tone huku tumbo likiuma kwa tarehe zile zile, huenda ana makovu ndani yaliyogandisha kuta. Huyo amweleze daktari kuwa alisafishwa, kwa sababu ultrasaundi ya kawaida inaweza isiyaone.

MASWALI YA WANACHAMA

*Dada, nilimeza P2 tarehe 3, tarehe 10 nikaona damu siku moja. Si ndiyo hedhi, nimepona?*
Hapana shoga, usishangilie bado. P2 yenyewe inaweza kuleta damu hiyo. Subiri hedhi yako. Ikichelewa zaidi ya wiki moja, pima. Au pima siku 21 baada ya tendo, majibu yatakuwa ya kuaminika.

*Binti yangu ana miaka 13, ameanza mwaka huu, anaenda siku 11. Bibi yake anasema ataacha mwenyewe.*
Bibi ana haki nusu, mama. Miaka miwili mitatu ya mwanzo mayai hayajazoea kupevuka. Lakini siku 11 mpeleke, apimwe wingi wa damu. Waeleze kama anatokwa damu puani mara kwa mara au aking'olewa jino damu haikomi. Kuna wanaozaliwa na damu isiyoganda vizuri, na hedhi ndiyo huwafichua.

*Nina miaka 52, nilikoma mwaka juzi. Juzi nimeona damu siku moja tu, kidogo sana. Nihesabu siku?*
Usihesabu chochote, mama yangu. Ukishamaliza miezi 12 bila hedhi, damu yoyote, hata tone, siyo hedhi tena. Nenda wiki hii ukaangaliwe mlango wa kizazi na ukuta wa ndani. Mara nyingi ni ukavu tu wa ukuta, lakini saratani ya kizazi nayo huanza hivyo hivyo.

*Je, asali na tangawizi zinakata damu ya siku tisa?*
Kunywa ukipenda, hazitoi uvimbe. Umepima wingi wa damu?