Somo: Kusoma amplitudo, kipindi na awamu kwenye grafu ya mhamo na wakati

Tuchukue boya linalopanda na kushuka kando ya nguzo ya gati hapa Lamu, siku ambayo wimbi ni laini na linafuatana sawasawa. Nguzo ina alama za sentimita. Kwenye grafu, mhimili wa wima ni kimo cha boya na mhimili wa ulalo ni sekunde, kuanzia 0 hadi 24. Boya hufika juu kabisa kwenye 190 na chini kabisa kwenye 130.

Hatua ya 1: mstari wa katikati. Kabla ya kusoma chochote, jumlisha 190 na 130, ugawe kwa mbili: 160. Piga mstari wa ulalo hapo. Ndipo boya lingetulia kama maji yasingekuwa na wimbi, na mhamo wote hupimwa kutoka hapo, si kutoka sifuri ya nguzo.

Hatua ya 2: amplitudo. Ni umbali kutoka mstari wa katikati hadi kilele: 190 − 160 = 30 sm. Anayeandika 190 amepima kutoka sifuri ya nguzo. Anayeandika 60 amepima kutoka bonde hadi kilele. Hakiki kwa upande wa chini: 160 − 130 nayo ni 30. Pande mbili zikitofautiana, mstari wako umekaa vibaya au mwendo wenyewe si sahili.

Hatua ya 3: kipindi. Ni muda wa mzunguko mmoja kamili wa kupanda na kushuka. Wengi hukimbilia vilele. Mimi nashauri utumie pale grafu inapoukata mstari wa katikati ikipanda. Kilele ni bapa: ukikosea sekunde 0.1 hapo, boya limeshuka chini ya nusu sentimita, na jicho halitambui. Kwenye mstari wa katikati sekunde hiyo hiyo 0.1 ni karibu sentimita 5, kwa hiyo mahali pa kukatana huonekana wazi.

Kwenye grafu yetu mkato wa kwanza wa kupanda uko sekunde 3.5 na wa sita uko 23.5. Kati ya mikato sita mna nafasi tano. Kipindi ni 20 ÷ 5 = sekunde 4. Ukigawa kwa sita utapata 3.3, na kosa hilo litaiharibu awamu pia. Usihesabu pia mikato ya kushuka (1.5, 5.5 na kuendelea), maana kutoka kupanda hadi kushuka ni nusu ya kipindi tu.

Hatua ya 4: awamu. Awamu ni pembe inayoonyesha boya lilikuwa wapi katika mzunguko wake saa ilipoanza. Tunaandika mwendo hivi, x ikiwa mhamo kutoka 160, A amplitudo, T kipindi, t wakati na φ awamu:

```
x = A sin(2πt/T + φ)
```

Rudi nyuma kipindi kimoja kutoka 3.5: mkato wa kupanda uliotangulia ulikuwa −0.5. Yaani saa ilipoanza, boya lilikuwa limeshapanda kwa sekunde 0.5, ambayo ni moja ya nane ya kipindi. Moja ya nane ya nyuzi 360 ni 45, au π/4 radiani. Hakiki: 30 × sin 45° ni 21, kwa hiyo grafu ianze kwenye 181. Ndivyo ilivyo.

Maswali ya wanachama

*Assalam aleikum maalim. Mimi nilisoma 181 pale mwanzo, nikatafuta pembe, nikapata 135. Nimekosea wapi?*

Waaleikum salaam. Pembe zote mbili, 45 na 135, zina saini moja, kwa hiyo kimo cha mwanzo peke yake hakitoshi. Tazama grafu inaelekea wapi ikianza. Ikipanda ni 45, ikishuka ni 135. Hii yetu inapanda na kufika kilele kwenye sekunde 0.5.

*Kitabu changu kinatumia kosaini na jibu lake ni −45. Nani yuko sahihi?*

Wote wawili. Kosaini huanza kwenye kilele, saini huanza kwenye mstari wa katikati ikipanda, na tofauti yake ni nyuzi 90. Andika fomula yako kabla ya namba ya awamu, la sivyo namba hiyo haina maana.

*Je, naweza kusoma hivi grafu ya maji kupwa na kujaa?*

Kipindi utakikaribia: kutoka maji kujaa hadi kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25. Amplitudo ndiyo itakusumbua. Mvuto wa mwezi una kipindi hicho, wa jua una saa 12 kamili, na viwili hivyo hujumlishana. Vikienda pamoja tunapata bamvua, vikipingana maji mafu, kwa hiyo vilele havilingani kutoka wiki hadi wiki. Amplitudo uliyoipata siku ya bamvua usiitumie kukisia maji ya wiki inayofuata.