Somo: Kutafuta pengo la biashara mtaani kwa miguu na masikio

Wakuu, nawaelezea nilivyofanya huku Mbagala kabla sijatoa hata shilingi ya mtaji.

Hatua ya 1. Pita soko lile lile asubuhi, mchana, na saa 1 usiku watu wanaposhuka kwenye daladala. Mteja wa asubuhi ana muda wa kupika, wa usiku hana, na shida zao hazifanani.

Hatua ya 2. Nunua fungu la nyanya taratibu, huku ukisikiliza. Ukifika nyumbani andika maneno yalivyosemwa, saa, na mteja alifanya nini baada ya kulalamika. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Anayesema "bei imepanda" kisha akanunua hajakuonyesha pengo. Ila mama mmoja alichota maharage, akayarudisha kwenye sado: "Haya yatamaliza mkaa wangu, na watoto watalala hayajaiva." Akaondoka na dagaa. Alikuwa na hela, akaacha alichokitaka. Kwa siku nne nilisikia kilio hicho kwa watu watano wasiojuana, wote jioni.

Hatua ya 3. Muulize muuzaji wa siku nyingi kama kuna aliyewahi kujaribu. Niliambiwa yupo dada aliyeuza maharage ya kuchemsha akaacha, kwa sababu aliyaivisha mapema na kwa wingi, hadi usiku yanachacha. Wateja walikuwepo, tatizo lilikuwa saa na kiasi.

Hatua ya 4. Jaribu kidogo. Niliroweka kilo 2 usiku, nikachemsha bila nazi wala chumvi ili kila mtu akaunge mwenyewe, nikatoa saa 11 jioni, nikapima kwa kikombe. Kilo moja kavu ikiiva hukaribia kilo mbili na nusu, kwa hiyo usipige hesabu ya bei kwa uzito mkavu. Siku ya kwanza vilibaki vikombe vitatu. Siku ya nne yaliisha kabla ya saa 2, na nusu ya wanunuzi walikuwa wale wale wa juzi.

MASWALI

Swali: Kaka, mwenye genge si ataona namchunguza?
Jibu: Akuone mteja, na uwe mteja kweli. Usiandike mbele yake. Pia kaa kijiwe cha bodaboda uwaulize wanatumwa kufuata nini mbali. Anayelipia boda kwa kitu cha jikoni ameshakuonyesha kitakacholipa.

Swali: Mtaani kwetu wote wanalalamikia bei tu.
Jibu: Dada, chunguza kama shida ni bei au kipimo. Mtu mwenye hela ya kibaba akiambiwa kuna sado tu, atasema ni ghali. Hapo pengo ni kupima kidogo. Ila kama anataka kile kile kwa bei chini ya uliyonunulia jumla, achana nacho.

Swali: Mkuu, watu watano wanatosha?
Jibu: Wanatosha kuchemsha kilo 2. Kukodi fremu, hapana. Mimi nilikaa na meza barazani mwezi mzima, kwa sababu nilitaka kwanza kuona mwisho wa mwezi, hela zikiisha mifukoni, kama bado wanakuja.