Ukilipwa kupitia mwajiri wa niaba: jinsi ya kujua kitakachofika mkononi Kampala

Kampuni ya Uholanzi inataka kumwajiri mhasibu anayeishi Ntinda. Haina ofisi Uganda, haijasajiliwa URA, wala haina akaunti ya mwajiri NSSF. Njia inayoichukua ni kumtumia mwajiri wa niaba, ambaye kwenye mikataba utamwona ameandikwa EOR. Huyu ni kampuni iliyosajiliwa Uganda, na kisheria ndiye anayekuajiri: anakata kodi, anakulipa mshahara, kisha anampelekea Mholanzi ankara ya gharama zote pamoja na ada yake. Kazi unapangiwa na Mholanzi, lakini mkataba wa ajira unatia saini na mwajiri wa niaba.

Tutamfuata mhasibu huyu tangu siku anapotajiwa pesa mpaka siku anapohamishiwa ajira ya moja kwa moja. Hesabu zote tunachukua dola moja kwa shilingi 3,600.

Hatua ya 1: Uliza pesa uliyotajiwa ni ipi

Ukiambiwa "tuna dola 2,000 kwa mwezi", usishukuru kwanza. Maneno hayo yana maana tatu. Huenda ni bajeti yote ya kampuni, na ada ya mwajiri wa niaba imo ndani. Huenda ni mshahara ghafi, yaani kabla ya makato yako. Au, mara chache sana, ni pesa ya mkononi. Watu wengi hugombana na mwajiri wa niaba mwezi wa kwanza wakidhani wameibiwa, kumbe tatizo lilianzia kwenye barua pepe ya kwanza, pale ambapo hakuna aliyetamka neno "ghafi".

Andika swali lako hivi: "Mshahara ghafi kwa mwezi utakaoandikwa kwenye mkataba ni shilingi ngapi?" Usikubali jibu la aina nyingine.

Hatua ya 2: Piga hesabu kutoka juu kwenda chini

Tuseme dola 2,000 zilikuwa bajeti yote. Ni shilingi 7,200,000. Ada ya mwajiri wa niaba kwa mfano wetu ni dola 400, kwa hiyo zinabaki dola 1,600, yaani shilingi 5,760,000. Toa 150,000 za bima ya matibabu na bima ya ajali kazini, inabaki 5,610,000.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hiyo 5,610,000 bado si mshahara, kwa sababu mwajiri anadaiwa kuchangia NSSF asilimia 10 juu ya mshahara ghafi, na mchango huo unatoka kwenye fungu hilohilo. Gawanya kwa 1.10, utapata mshahara ghafi wa 5,100,000. Ukitoa asilimia 10 badala ya kugawanya kwa 1.10 utapata 5,049,000, na hesabu yako haitalingana na yao.

Kuanzia hapo makato ni yaleyale ya mfanyakazi yeyote mkaazi wa Uganda. NSSF yako ni asilimia 5. Kodi ya mishahara, PAYE, kwa mshahara ulio kati ya 410,000 na milioni 10 ni shilingi 25,000 ukijumlisha asilimia 30 ya kiasi kinachozidi 410,000. Mchango wako wa NSSF haupunguzi kiasi kinachotozwa kodi.

```
Mshahara ghafi            5,100,000
NSSF yako (5%)             -255,000
PAYE: 25,000 + 30% x
  (5,100,000 - 410,000)  -1,432,000
Mkononi                   3,413,000

NSSF ya mwajiri (10%)       510,000
```

Kuanzia Julai hadi Oktoba utaona kato jingine dogo, kodi ya huduma za serikali ya mtaa. Kwa mshahara wa kiwango hiki ni shilingi 100,000 kwa mwaka, na hukatwa 25,000 kwa miezi minne. Kwa kuwa kodi hiyo hutolewa kabla ya kupiga PAYE, mkononi utapungukiwa shilingi 17,500 tu kwa miezi hiyo, si 25,000 kamili. Ukipungukiwa 25,000 kamili, aliyepiga hesabu amesahau.

Hatua ya 3: Linganisha na ajira ya moja kwa moja

Mholanzi yuleyule angefungua tawi Kampala na kukuajiri mwenyewe kwa mshahara ghafi wa 5,100,000, hati yako ya mshahara ingekuwa ileile, shilingi kwa shilingi. PAYE haibadiliki, NSSF haibadiliki. Mwajiri wa niaba hana kodi yake ya pekee, na anayekwambia kuna "makato ya EOR" juu ya mshahara wako anakukata isivyo halali. Ada ni ya kampuni, haipaswi kuonekana kwenye hati yako.

Tofauti huja pale bajeti inapokuwa ndiyo kipimo. Bila ile ada ya dola 400, shilingi 7,200,000 ukitoa bima na kugawanya kwa 1.10 zingekupa mshahara ghafi wa 6,409,091 na mkononi 4,263,909. Umepoteza takriban 851,000 kila mwezi, na akiba yako NSSF imepungua pia, kutoka 961,000 hadi 765,000. Lakini tuwe wakweli: tawi halifunguliwi bure. Kuna usajili, mhasibu wa nje, ripoti za kila mwezi URA na NSSF. Kampuni yenye mfanyakazi mmoja Uganda haitafungua tawi kwa ajili yake. Hoja ya kupeleka mezani ni kwamba ada ni gharama ya kampuni kukosa tawi, basi ikae nje ya mshahara, kama vile kodi ya pango ya ofisi ya Amsterdam haikatwi kwa wanaokaa humo.

Wengine watakupendekezea njia ya tatu, kulipwa kwa ankara kama mkandarasi. Zile 7,200,000 zingekufikia zote, ila kodi ya mapato unajilipia mwenyewe kwa awamu nne za makadirio, NSSF hakuna, likizo hakuna, na ukiachishwa hakuna notisi ila ile uliyoiandika kwenye mkataba wako.

Hatua ya 4: Funga suala la sarafu

Mkataba ukisema mshahara ghafi ni dola 1,416.67 na unalipwa kwa shilingi, uliza nani anachagua kiwango cha kubadilishia. Tuseme siku ya malipo dola ni 3,600 na mwajiri wa niaba anatumia 3,490. Mshahara ghafi umeshuka kwa karibu 156,000, na mkononi umepoteza kama 101,000. Hati ya mshahara itaonekana safi kabisa, kwa sababu makato yamepigwa sawasawa juu ya tarakimu iliyokwisha kupunguzwa.

Dawa ni sentensi moja kwenye mkataba: kiwango kitakuwa wastani wa Benki Kuu ya Uganda wa tarehe fulani inayotajwa. Ukipendelea shilingi moja kwa moja, weka kifungu cha kupitia mshahara kila miezi 6, maana dola ikipanda anayefaidika ni kampuni.

Hatua ya 5: Jua jina lililoko NSSF

Waajiri wa niaba wenye majina makubwa mtandaoni si wote wana kampuni yao Uganda. Baadhi hupitia mshirika wa hapa nchini, na huyo ndiye mwajiri wako halisi. Hakuna ubaya, ila pesa inapita mikono miwili, na kila mkono unasubiri ule wa juu. Dalili ni mshahara uliokuwa ukiingia tarehe 28 kuanza kuingia tarehe 2, kisha 5.

Kabla ya kutia saini, omba jina kamili la kampuni na ulitafute kwenye rejista ya makampuni ya URSB. Mshahara wa kwanza ukishaingia, subiri hadi baada ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata, maana hiyo ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha PAYE na NSSF. Fungua NSSFGo uangalie: kwa mhasibu wetu lazima zionekane 765,000, yaani asilimia 15, chini ya jina lile lile la mkataba. Ukikuta 255,000 pekee, au asilimia 15 ya mshahara mdogo kuliko wako, mwajiri anatangaza mshahara wa uongo, na huenda PAYE nayo iko hivyohivyo. Kwa PAYE, omba nakala ya uthibitisho wa malipo ya URA na uhakikishe TIN yako imo kwenye orodha ya wafanyakazi waliowasilishwa.

Bonasi nayo ipite njia hiyohiyo. Meneja akitaka kukutumia dola 500 za "asante" moja kwa moja kwenye akaunti yako, hayo bado ni mapato ya ajira yanayotozwa PAYE na kuchangiwa NSSF. Mwambie azipitishe kwa mwajiri wa niaba, na kwamba kampuni itaongeza asilimia 10 juu yake.

Hatua ya 6: Soma yasiyoonekana kwenye hati ya mshahara

Mwajiri wa niaba huandika kima cha chini cha sheria, kwa sababu mkataba wake ni mmoja kwa wateja wote. Likizo ya mwaka itakuwa siku 21, likizo ya uzazi siku 60 za kazi, ya baba siku 4. Wenzako wa Amsterdam wakiwa na siku 25, hutazipata mpaka ziandikwe kwenye mkataba wako wa Uganda. Ahadi ya meneja kwenye simu haimfungi mwajiri wa niaba. Hisa ni kinyume chake: hutolewa na kampuni mama kwa karatasi ya pekee, na usipoiona karatasi hiyo, hisa hazipo.

Kuachishwa kazi ndiko kwenye uzito. Mteja akikatisha huduma, mwajiri wa niaba bado anadaiwa kukupa notisi: wiki 2 ukiwa umetimiza miezi 6, mwezi 1 ukiwa umetimiza mwaka, miezi 2 ukifika miaka 5. Kiinua mgongo cha kuachishwa ni jambo la makubaliano, na pale mkataba uliponyamaza Mahakama ya Viwanda imewahi kutoa mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa kazi. Usiuache mkataba unyamaze. Andika kiasi hicho sasa, wakati wanakutaka.

Mwisho, siku Mholanzi atakapofungua tawi na kukuhamisha, kisheria unaacha kazi kwa mwajiri mmoja na kuanza kwa mwingine. Mhasibu aliyefanya miaka 4 na miezi 10 angekuwa amebakiza miezi 2 kufikia notisi ya miezi 2. Akianza upya, anarudi kwenye majaribio. Dai mambo mawili kwa maandishi kabla ya kutia saini mkataba mpya: siku zako za likizo ambazo hukuzichukua zilipwe na mwajiri wa niaba, na mkataba mpya utaje tarehe ya kwanza ya kazi kuwa ile ya zamani.