Somo: Nyonga inauma ukilalia ubavu, jipime mwenyewe kabla hujasema ni baridi

Habari zenu wadau. Mimi nafanya fiziotherapia hapa Mbeya, na ikifika Juni na Julai hili swali huwa naulizwa karibu kila siku, watu wanasema "baridi imeniingia nyonga". Baridi inakaza misuli kweli, ila maumivu ya nje ya nyonga mara nyingi yana chanzo kingine na unaweza kukikisia ukiwa nyumbani kwako.

Nichukue mfano wa mama mmoja wa miaka 52, anauza viazi Mwanjelwa. Miezi minne halali ubavu wa kulia, saa nane usiku anaamka. Alishaambiwa nyonga imesagika, akanunuliwa dawa, wapi.

Hatua ya 1, onyesha kwa kidole. Nilimwambia mama niwekee kidole panapouma, akaweka kwenye ile nundu ya mfupa pembeni, pale mkono unapogota ukiushusha mfukoni. Nyonga yenyewe ikisagika wengi wanaonyesha kinena, au wanashika ubavu wote kwa kiganja, gumba nyuma na vidole mbele. Maumivu yanayotoka mgongoni mara nyingi huanzia kiunoni au takoni ikashuka, pengine mpaka chini ya goti, na ganzi au kuchoma kama sindano.

Hatua ya 2, lalia upande mzima, ule usiouma, mtu akubonyeze ile nundu. Mama aliruka. Halafu simama mguu unaouma kwa sekunde 30 umegusa ukuta kwa kidole tu, maumivu yakija palepale pembeni, hiyo ni kano ya misuli ya tako inayoshika kwenye nundu. Zamani tulilaumu kifuko cha ute kilichopo hapo, siku hizi inajulikana kano ndiyo inaanza kuchoka na kifuko mara nyingi hufuatia tu, ndo maana dawa ya kutuliza uvimbe peke yake haimalizi.

Hatua ya 3, vaa soksi. Mama alikunja mguu akavaa bila shida. Mwenye nyonga iliyosagika hapo ndo anakwama, hata kukata kucha za miguu ni kazi, na asubuhi nyonga inakuwa imekaza kidogo. Lala chali, goti likunjwe juu, mtu asukume unyayo wako taratibu uende nje, ikigoma mapema na kinena kikauma basi kiungo chenyewe ndo kina shida. Kama yote haya hayaumi ila kuinama au kukaa sana kunaamsha maumivu, angalia mgongo. Na mtu anaweza kuwa na viwili kwa pamoja, vipimo hivi vinakupa mwelekeo tu.

Sasa mama tulimfanyaje? Alikuwa anasimama sokoni kaegemea nyonga moja, akikaa kwenye kigoda anapishanisha magoti. Mkao huo unaibana kano kwenye mfupa. Tukauacha. Usiku alale chali na mto chini ya magoti, au alalie upande mzima na mto mnene kuanzia magotini mpaka kwenye kifundo, maana goti la juu likidondoka mbele kano inabanwa vilevile hata kama hukuilalia. Mazoezi: lala chali, kunja magoti, funga kanga juu kidogo ya magoti, sukuma nje polepole shikilia sekunde 10, mara 10, asubuhi na jioni. Kuuma kidogo ruksa, ila usiku ukiwa mbaya kuliko jana punguza. Wiki ya tatu akaongeza kunyanyua kiuno. Kwenye wiki ya kumi ndo alilalia ule ubavu mpaka asubuhi.

MASWALI

Mdau wa Mafinga: Dokta, mimi nalivuta goti kuelekea bega la pili ili kunyoosha, na mke wangu ananikanda na mafuta ya moto pale pale. Mbona inazidi?
Jibu: Acha vyote viwili kaka. Kulivuta goti hivyo kunaibana kano, na kukandamiza nundu ni kuichokoza. Akukande takoni kwenye nyama, pole pole.

Dada wa Tukuyu: Shkamoo. Sindano ya nyongani je?
Jibu: Marahaba dada. Ya steroidi inaweza kutuliza wiki kadhaa, ila bila mazoezi mara nyingi hurudi. Naikubali pale usingizi umegoma kabisa na mazoezi hayafanyiki.

Mdau wa Makambako: Bibi yangu ana miaka 78, aliteleza uani juzi, tangu hapo hakanyagi vizuri. Tumfunge kanga afanye?
Jibu: Hapana, msimzoeshe hata kutembea. Mpelekeni hospitali leo apigwe eksirei, shingo ya mfupa wa paja inaweza kuwa imevunjika hata kama anajikongoja. Na wengine pia, ukiwa na homa, unapungua uzito, una selimundu na nyonga inauma sana, au ganzi ya sehemu za siri na mkojo hautoki, msijipime nyumbani, nendeni.